Taa Mpya kwenye Dima ya Zamani

Fundi umeme akiitwa kwenye sebule yenye dima, malalamiko huwa ni mawili: taa zinacheza, au swichi inavuma. Ukimuuliza mwenye nyumba tatizo lilianza lini, jibu mara nyingi ni lilelile. Lilianza siku alipotoa globu za zamani za waya na kuweka za LED ili bili ipungue. Bili imepungua kweli, lakini kila akishusha mwanga jioni, taa zinapepesa kama zimeingiwa na shetani. Ameshazirudisha dukani akapewa nyingine, nazo zikacheza vilevile. Sasa hajui amlaumu muuzaji, fundi aliyefunga au shirika la umeme.

Ajabu ni kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika. Globu ni nzima na dima ni nzima. Ukiitoa globu ileile ukaiweka chumbani kwenye swichi ya kawaida, inatulia tuli. Ukiirudisha globu ya zamani sebuleni, dima nayo inafanya kazi bila neno. Ugomvi uko pale wanapokutana, na kuuelewa lazima kwanza ujue dima inafanya nini hasa nyuma ya kile kitufe cha kuzungusha.

Wengi hudhani dima inapunguza umeme kama koki inavyobana maji. Sivyo. Umeme wa majumbani hauendi upande mmoja kwa utulivu. Huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kila mara ukipanda kutoka sifuri hadi kileleni na kushuka tena sifuri. Kwa hiyo kila sekunde ina vilima 100 vya umeme, na kila kilima kinachukua sehemu 10 za elfu za sekunde. Dima hukata kipande cha kila kilima. Ukitaka mwanga nusu, inaufunga umeme kwa nusu ya kwanza ya kilima, kisha inauachia upite kwa nusu iliyobaki. Kilima kinachofuata, vivyo hivyo. Inawasha na kuzima mara 100 kwa sekunde, usiku kucha kama utaiacha.

Kabla ya hapo, kupunguza mwanga kulikuwa kazi ya majumba ya maigizo. Walitumia vizuizi vikubwa vya waya vilivyokula umeme usiohitajika na kuugeuza joto, kiasi kwamba hakuna ambaye angetaka kitu kama hicho ukutani kwake. Mwaka 1959 Mmarekani Joel Spira alibuni dima ndogo ya kielektroniki ya kuukata umeme badala ya kuuchoma, ikatosha kwenye boksi la swichi ya kawaida. Mwaka 1961 alianzisha kampuni ya Lutron huko Pennsylvania kuitengeneza na kuiuza. Dima nyingi zilizomo kwenye nyumba za leo, hata zile za bei ya chini zilizotengenezwa kwingine kabisa, bado zinakata umeme kwa mtindo huohuo wa msingi.

Mtindo huo ulijengwa juu ya tabia mbili za globu ya waya. Ya kwanza ni joto lake. Waya ulio ndani huwaka ukiwa umepita nyuzi 2,000 za joto, na ukikatiwa umeme kwa sehemu chache za elfu za sekunde haupati muda wa kupoa. Kwa hiyo jicho halioni kukatwakatwa kule, linaona mwanga hafifu tu, mwekundu-mwekundu, ambao watu wengi huupenda wakati wa chakula cha usiku. Ya pili ni ulafi wake. Globu ya wati 60 inavuta umeme mwingi, tena inauvuta mfululizo tangu mwanzo wa kilima hadi mwisho.

Ulafi huo dima ya zamani iliuhitaji ili kuishi. Kifaa kinachokata umeme ndani yake, ambacho mafundi wa elektroniki hukiita triaki, kina tabia ya ajabu kidogo. Ukikigusa kwa mshituko mdogo wa umeme kinafunguka, na kikishafunguka hakihitaji kuguswa tena. Kinabaki wazi chenyewe alimradi umeme unaopita ndani yake haujashuka chini ya kiwango fulani, kwa kawaida miliampea kumi kadhaa. Ukishuka chini ya hapo, kinajifunga. Kwa globu ya waya hili halikuwa tatizo hata siku moja, maana umeme ulikuwa unashuka mwishoni mwa kilima tu, pale hasa ambapo kinatakiwa kujifunga.

Globu ya LED haina joto la kuficha makosa, wala haina ulafi. Chembe zinazotoa mwanga huwaka na kuzimika papo hapo. Zaidi ya hayo, chembe hizo haziungwi moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kwenye kitako cha globu kuna saketi ndogo, inayoitwa draiva, ambayo inaugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa njia moja, inauweka akiba kwenye kapasita, kisha inazilisha chembe kidogo kidogo. Kapasita hiyo haivuti umeme mfululizo. Inakunywa kwa pupa mara moja, ikishiba inafunga mlango hadi kilima kinachofuata.

Sasa tuingie kwenye sebule moja ya mfano. Juu kuna taa ya kuning'inia yenye matawi sita, kila tawi lilikuwa na globu ya wati 40. Jumla wati 240, sawa na zaidi kidogo ya ampea moja. Dima iliyo ukutani imeandikwa wati 60 hadi 400. Mwenye nyumba ametoa globu zote sita na kuweka za LED za wati 5. Jumla mpya ni wati 30.

Watu husoma ile 400 na kuridhika. Tatizo liko kwenye 60. Namba ndogo iliyoandikwa kwenye dima ni mzigo wa chini kabisa ambao inauhitaji ili triaki yake ibaki wazi, na sebule hii imeshuka hadi nusu ya kiwango hicho. Dima inafungua njia, kapasita sita zinagida umeme kwa kishindo, zinashiba, mkondo unaporomoka, na triaki inajifunga kabla ya wakati. Pengine inafunguka tena kabla kilima hakijaisha, kisha inajifunga tena. Kilima hiki kinapita kipande kirefu, kinachofuata kinapita kifupi, kingine hakipiti kabisa. Kwa kuwa hakuna joto la kusawazisha, jicho linaona kila kitu.

Kuna jaribio la dakika tano ambalo linathibitisha haya. Zima umeme, toa globu moja ya LED na urudishe moja ya zamani ya wati 40, kisha washa na ushushe mwanga. Sasa mzigo ni wati 40 na 25, jumla 65, umepita ile 60. Zaidi ya hapo, globu ya waya inavuta umeme kwa utulivu kilima kizima, na hivyo inaishikilia triaki kwa niaba ya zile tano. Taa zikitulia, mgonjwa amejulikana: ni mzigo mdogo. Kuna nyumba ambazo huishi na suluhisho hilo kwa miaka, globu tano mpya na moja ya zamani, na si upumbavu, ingawa hiyo moja inakula umeme kuliko zile tano zikijumlishwa.

Zisipotulia, sababu ni nyingine, na ya kwanza kuichunguza ni globu yenyewe. Si kila LED imetengenezwa kupunguzwa mwanga. Draiva ya kawaida imeagizwa jambo moja tu: zipe chembe umeme uleule, hata kama wa ukutani unapanda na kushuka. Hilo ni jambo jema sana kwenye mitaa yenye umeme hafifu. Kwenye dima ni balaa, kwa sababu draiva inaona umeme umepungua na inajitahidi kuvuta zaidi ili kufidia. Mwanga haushuki, kisha ghafla unashindwa na kuanza kupepesa, na vipuri vyake vinapata moto kuliko vilivyokadiriwa. Globu ya namna hii inaweza kufa ndani ya muda mfupi. Boksi lake huwa na mchoro mdogo wa kitufe cha dima uliopigwa mstari, na ule mstari unamaanisha hivyo hasa. Globu inayokubali dima ina draiva ya ziada inayopima kila kilima kimekatwa kiasi gani, kisha inashusha mwanga kwa makusudi. Ndiyo maana bei yake ni kubwa zaidi.

Mvumo nao una mahali pake pa kuzaliwa, na sikio linaweza kupatafuta. Panda kwenye ngazi usikilize karibu na globu, kisha shuka usikilize kwenye swichi. Kwenye swichi, kinacholia ni koili ya waya iliyowekwa ili dima isiingilie redio kwa makelele yake. Kila umeme unapofunguliwa ghafla, sumaku ya koili inavutika na kuachia, na waya wake unatikisika. Kwenye globu, vinavyolia ni koili na kapasita za draiva. Baadhi ya kapasita za kauri hujikunja na kujikunjua kidogo sana zinapopata umeme na kupoteza, na mtikisiko huo mara 100 kwa sekunde ni sauti ambayo sikio linaisikia vizuri usiku kukiwa kimya.

Angalia pia sauti inakua wapi. Kwa dima ya zamani huwa kubwa zaidi mwanga ukiwa karibu nusu, na inapungua ukipandisha hadi juu au ukishusha sana. Sababu ni ile njia ya kukata. Kwenye nusu, triaki inafunguka kilima kikiwa kileleni. Umeme wa volti 230, unaopimwa kwa wastani, una kilele cha takriban volti 325. Kwa hiyo globu iliyokuwa kwenye sifuri inapigwa na volti 325 kwa mara moja, mara 100 kila sekunde. Globu za waya nazo zililia kwa sababu hiyohiyo, waya wake ukiimba kwa sauti nyembamba, ila watu walikwisha kuizoea.

Hapo ndipo aina ya pili ya dima inapopata sifa yake. Badala ya kuukata mwanzo wa kilima, hii inauacha umeme upande taratibu kutoka sifuri, kisha inaufunga kabla kilima hakijaisha. Globu haipigwi kishindo. Pia haitumii triaki, inatumia transista zinazofunguka na kufunga zinapoamriwa, kwa hiyo hazitegemei mkondo mkubwa ili kubaki wazi. Dima ya namna hii inaweza kuandikwa wati 5 hadi 150 na ikafanya kazi kwa utulivu na zile globu sita za wati 30.

Kuzitofautisha dukani si vigumu kwa zile zinazofuata desturi ya Ulaya. Ubavuni huwa na herufi. R na L zikiwa pamoja, ni ile ya zamani inayokata mwanzo, inayofaa globu za waya na transfoma za chuma. R na C, ni inayokata mwisho, na ndiyo ya kutazamwa kwanza kwa LED. Zikiwemo zote tatu, dima inaweza kubadilishwa kwa njia zote mbili. Usiichukue ya R na C kuendesha transfoma nzito ya chuma, maana kuukata ghafla umeme unaopita kwenye koili kubwa kunazalisha mshituko wa volti unaoweza kuua transista zake.

Hata hivyo herufi hazimalizi kila kitu. Zipo globu ambazo draiva yake ilibuniwa kwa kuzingatia dima za triaki, hasa zilizokusudiwa soko la Marekani, na nyingine zinatulia kwa dima ya kampuni moja na kucheza kwa nyingine ya aina ileile. Watengenezaji wakubwa hutoa orodha za globu walizozijaribu na dima zao kwa majina na namba. Kwa anayenunua globu arobaini za hoteli, orodha hiyo ni ya kudaiwa kabla ya kulipa. Kwa mwenye sebule moja, njia rahisi ni kununua globu moja ya ile aina, kuijaribu kwanza, na kisha kujaribu zote pamoja. Jaribio la pili ni la lazima, kwa sababu globu moja ikicheza inaweza kuwa ni upungufu wa mzigo tu, na sita zikavuma ingawa moja ilikuwa kimya.

Namba ya juu nayo ina mtego wake. Dima ya wati 400 haimaanishi globu 80 za LED za wati 5. Ile pupa ya kapasita inafanya mkondo wa kilele kuwa mkubwa mara nyingi kuliko wati zinavyoonyesha, na vipuri vya dima ndivyo vinavyoubeba. Dima nyingi huandikwa viwango viwili, kimoja cha globu za waya na kingine cha LED, na cha LED huwa kidogo sana. Kama ni cha globu za waya peke yake, mafundi waangalifu huchukua sehemu moja ya kumi tu. Kwa 400, hiyo ni wati 40.

Baada ya kubadili dima, sebule yetu inaweza bado kucheza pale chini kabisa, kitufe kikiwa karibu na mwisho. Hapo vilima vimekatwa mno hadi draiva haipati cha kutosha kuendesha hata saketi yake yenyewe; inawaka, inakata roho, inawaka tena. Dima nzuri za LED zina skrubu ndogo, au kitufe kilichofichwa chini ya kifuniko, cha kuweka kikomo cha chini. Fundi anashusha mwanga hadi taa zianze kupepesa, anapandisha kidogo hadi zitulie zote sita, na anafunga kikomo hapo. Halafu anazima na kuwasha tena zikiwa pale chini, kuhakikisha zote zinawaka pamoja, kwa maana globu nyingine hushindwa kuanza kwenye kiwango ambacho zingeweza kukishikilia zikiwa zimeshawaka. Mafundi wengi hawaigusi skrubu hiyo. Ni kazi ya dakika mbili, na malalamiko mengi ya taa kucheza yangeishia hapo.

Kuna kucheza kwingine kunakotisha zaidi: taa imezimwa, lakini gizani inamulika kidogo kila baada ya sekunde chache, au inabaki na mng'ao hafifu. Dima nyingi za kielektroniki hazina waya wa nyutro, kwa hiyo umeme mdogo wa kuendesha saketi zao unapita kupitia globu hata zikiwa zimezimwa. Swichi zenye kitaa chekundu cha kuonyesha mahali zilipo hufanya vivyo hivyo. Globu ya waya haikuwahi kuujali umeme huo. Kapasita ya LED inaukusanya tone kwa tone, ikijaa inamulika mara moja, na inaanza upya. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na globu ili umeme huo upitie huko badala ya kwenye draiva, na kampuni nyingi za dima wanakiuza. Lakini kama swichi ni ya kawaida, haina kitaa wala dima, na taa bado inang'aa gizani, fundi apime kama aliyefunga nyumba alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu. Hiyo ni hatari, kwa sababu taa ikizimwa umeme bado uko juu kwenye kishikio, ukimsubiri anayebadilisha globu.

Na si kila taa inayocheza inahusiana na dima. Regyuleta ya feni iliyofungwa mahali pa dima kwa kuwa zinafanana sura itawachezesha LED hata zikiwa bora kiasi gani. Taa zinazofifia kila pampu ya maji inapoanza zinaeleza habari za umeme wa nyumba nzima. Na vyumba vyote vikicheza pamoja, baadhi ya taa zikiwaka kupita kiasi huku nyingine zikififia, au swichi ikitoa mlio wa kukwaruza na harufu ya plastiki, kuna waya umelegea mahali, pengine nyutro kuu. Hapo swichi kuu izimwe kwanza, fundi aitwe baadaye. Mvumo wa dima ni wa mfululizo, wenye sauti moja, na unabadilika ukizungusha kitufe. Mlio wa waya uliolegea huja na kukatika bila mpango, na kitufe hakiugusi.

Kwa sebule yetu ya matawi sita hesabu ya mwisho ni dima mpya inayokata mwisho wa kilima, globu sita za aina moja zinazokubali dima, na kikomo cha chini kilichowekwa kwa bisibisi. Kitakachobaki cha kuzoea ni rangi. Globu ya waya ikishushwa mwanga hugeuka ya njano na kisha nyekundu kwa sababu waya wake unapoa, ilhali LED za kawaida zikishushwa hubaki na rangi ileile, zimefifia tu. Zipo zinazoiga ule wekundu kwa kuchanganya chembe za rangi mbili, na wanaozipenda hulipia zaidi. Asiyejali mwanga wa jioni anaweza kumwambia fundi aitoe dima kabisa, aweke swichi ya kawaida, na globu zozote za LED zitafanya kazi.